Onyo la Chini ya Barua Pepe Lina Nguvu Gani?

Mtu wa ofisini anaandika mstari mmoja tu: "Kikao ni saa nne, ukumbi wa juu." Chini ya jina lake inafuata aya nzima ya maandishi madogo. Ujumbe huu ni siri. Umekusudiwa mwandikiwa peke yake. Ukiupokea kimakosa huruhusiwi kuusoma, kuunakili wala kumpa mwingine, na unatakiwa kuufuta mara moja. Maoni yaliyomo ni ya mwandishi, si ya kampuni. Kampuni haiwajibiki kwa hasara yoyote.

Maneno hayo yako kwenye barua pepe za mabenki, mawakili, bima, mashirika na hata maduka ya vipuri, na mara nyingi yamenakiliwa kutoka kampuni nyingine bila mtu kuuliza yanafanya kazi gani. Yana kazi, ila ni ndogo kuliko yanavyodai, na haifanyiki pale wengi wanapodhani. Mahakama zimeyagusa mara kadhaa. Nyingi ya kesi nitakazozitaja ni za Uingereza, kwa sababu sheria ya mikataba ya Kenya imejengwa juu ya sheria ya kimahakama ya Kiingereza, na ile ya Tanzania ilitokana na sheria ya India ya mwaka 1872 yenye asili hiyohiyo. Hukumu za London hazimfungi jaji wa Nairobi wala wa Dar es Salaam, lakini mawakili huzitaja mbele yake na yeye huzisikiliza.

Tuanze na lile dai kubwa, la kumwamuru mgeni. Tuseme karani wa mishahara wa kampuni moja ya Mombasa anamtumia mhasibu orodha ya mishahara ya watu mia mbili. Anaandika herufi tatu za kwanza za jina, kompyuta inammalizia, anabonyeza bila kutazama, na orodha inakwenda kwa mtu mwenye jina linalofanana ambaye aliwahi kuiuzia kampuni matairi. Chini ya ujumbe kuna onyo. Je, muuza matairi amefungwa nalo?

Kwa njia ya mkataba, hapana. Mkataba hutaka mmoja apendekeze na mwingine aonyeshe kwamba amekubali, na muuza matairi hakukubali kitu. Jambo hili liliamuliwa Uingereza mwaka 1862 katika kesi ya Felthouse dhidi ya Bindley. Mzee Felthouse alitaka kununua farasi wa mpwa wake. Akamwandikia kwamba asipopata jibu lingine, atahesabu farasi ni wake kwa pauni 30 na shilingi 15. Mpwa hakujibu. Dalali akamuuza farasi kimakosa mnadani, na mzee akamshtaki akidai mali yake imeuzwa. Mahakama ilimwambia kwamba kimya cha mwenzake hakikumpa farasi, kwa kuwa mtu hawezi kumtwisha mwingine mkataba kwa kumwandikia tu. Onyo linalosema "kwa kusoma ujumbe huu umekubali masharti yafuatayo" linajaribu jambo lilelile alilolijaribu mzee Felthouse, tena linajaribu likiwa chini kabisa, baada ya msomaji kumaliza kusoma.

Hata hivyo muuza matairi hayuko huru kubandika orodha ile kwenye kundi la WhatsApp. Kuna wajibu mwingine ambao hautegemei mkataba, nao ni wajibu wa kutunza siri. Mwaka 1968, katika kesi ya Coco dhidi ya A. N. Clark iliyohusu injini ya pikipiki ndogo, Jaji Megarry alieleza mambo matatu yanayotakiwa: habari yenyewe iwe ya siri kweli, iwe imefika kwa mtu katika hali inayomfanya ajue ni siri, na awe ameitumia bila idhini. Mwaka 1988, katika kesi ya kitabu cha jasusi mstaafu kiitwacho Spycatcher, Lodi Goff aliongeza kwamba wajibu huo unaweza kumshika hata mtu asiye na uhusiano wowote na mwenye siri. Akatoa mfano wa waraka ambao kila mtu angeona ni wa siri, unaopeperushwa na feni kupitia dirishani hadi barabarani penye watu. Anayeuokota akiona ulivyo, amefungwa.

Kinachomfunga ni kujua. Hapo ndipo onyo linapopata kazi yake moja ya halali, ambayo ni kumjulisha mtu. Lakini tazama orodha ya mishahara. Ina majina, namba za vitambulisho, akaunti za benki na viwango vya fedha. Mtu yeyote mwenye akili timamu anajua haikumhusu, hata kama chini yake hapakuandikwa neno. Onyo halikuongeza kitu. Lingesaidia zaidi kwa waraka ambao usiri wake hauonekani kwa macho, kwa mfano jedwali la bei zinazoonekana za kawaida lakini ni za mteja mmoja tu. Hapo neno "siri" linamtoa msomaji gizani. Tatizo ni kwamba kampuni ileile imeliweka neno hilo kwenye mwaliko wa chakula cha mchana, tangazo la kazi na salamu za Idi. Baada ya mwaka mmoja wa kupokea "siri" zisizo siri, mteja ana haki ya kusema kwamba neno hilo kwenu halina maana, na wakili wake atakuwa na rundo la barua pepe za kulithibitisha. Kuweka onyo kila mahali kunalidhoofisha pale linapohitajika.

Mahakama moja ya New York ilikutana na onyo la namna hii mwaka 2007, katika kesi ya Scott dhidi ya Beth Israel Medical Center. Daktari alikuwa na mgogoro wa ajira na hospitali, akawa anawasiliana na wakili wake kupitia barua pepe ya hospitali hiyohiyo. Kanuni za hospitali zilisema wazi kwamba mfumo ule ni wa kazi tu, kwamba mfanyakazi hana faragha ndani yake, na kwamba mwajiri anaweza kuangalia kilichomo. Kesi ilipofika mahakamani, daktari alidai mawasiliano yale yana kinga ya wakili na mteja, na akaonyesha kwamba barua za wakili wake zilibeba onyo la usiri. Jaji alikataa. Onyo la kampuni ya mawakili halikuweza kubadilisha kanuni za hospitali, wala halikuweza kuzaa usiri ambao mazingira yenyewe yalikuwa yameuondoa. Kinga ya wakili na mteja, kwa Kenya na Tanzania pia, inatolewa na sheria ya ushahidi kwa sababu ya uhusiano wa watu wawili hao na namna walivyoitunza siri yao. Wakili asiyeandika onyo hapungukiwi na kinga hiyo, na anayeliandika hapati ya ziada. Ukiwa na kesi na mwajiri wako, tumia anwani yako binafsi na simu yako mwenyewe.

Turudi kwa karani wa Mombasa, maana wakati tunajadili muuza matairi, saa inakwenda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haiulizi kama barua ilikuwa na onyo. Inauliza kama taarifa za watu zimefika kwa mtu asiyeruhusiwa na kama kuna hatari ya kweli ya wao kudhurika. Ikiwa ndivyo, kampuni inatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipojua, na kuwaarifu wahusika wenyewe kwa maandishi. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inamtaka anayehifadhi taarifa aiarifu Tume bila kuchelewa pale usalama wake unapovunjwa.

Kwa hiyo karani anapogundua kosa, kuna mambo ya kufanya, na kila moja lina mpaka wake. Kama anatumia Gmail na ameshtuka papo hapo, anaweza kubonyeza kitufe cha kutengua, lakini muda wa juu unaoweza kupangwa ni sekunde 30. Kama anatumia Outlook, uwezo wa kuivuta barua irudi hufanya kazi ndani ya shirika lake tu, na haumfikii muuza matairi. Linalobaki ni kumpigia simu, kumweleza kwa adabu, kumwomba afute bila kufungua, na kumwomba ajibu kwa maandishi kwamba amefuta na hajampa mtu. Watu wengi hukubali wakiombwa vizuri. Jibu hilo la maandishi lina thamani kuliko onyo lolote, kwa sababu sasa mtu mwenyewe ametamka ahadi, na kampuni ina cha kumwonyesha Kamishna.

Lingekuwapo jambo jingine moja lililofanywa mapema, hadithi ingekuwa fupi. Faili la mishahara likifungwa kwa nenosiri imara, na nenosiri likapelekwa kwa mhasibu kwa njia nyingine kama simu, muuza matairi anabaki na faili asiloweza kulifungua. Sheria ya Kenya inalitambua hilo: pale taarifa zilipokuwa zimesimbwa ipasavyo, wajibu wa kuwaarifu wahusika unaweza kuondoka. Dakika moja ya kuweka nenosiri imefanya kile ambacho aya nzima ya vitisho ilikuwa ikidai kukifanya.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani makanusho yote ni bure. Sivyo, na kesi inayothibitisha hilo ni maarufu kwa kila mwanafunzi wa sheria. Mwaka 1958 kampuni ya matangazo ya London, Hedley Byrne, ilikuwa ikimwekea mteja wake Easipower matangazo kwenye televisheni na magazeti, na gharama za matangazo hayo ilizibeba kwanza yenyewe. Ikataka kujua kama Easipower ina uwezo. Kupitia benki yake ikauliza benki ya Easipower, iitwayo Heller, na ikajibiwa kwamba kampuni hiyo ni ya kuaminika kwa shughuli zake za kawaida. Hedley Byrne ikaendelea kulipa. Easipower ikafilisika, na wenye matangazo wakapoteza zaidi ya pauni 17,000. Wakaishtaki benki kwa uzembe.

Mwaka 1963 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, lilisema jambo jipya: anayetoa maelezo kwa mtu anayejua atayategemea anaweza kuwajibika kwa uzembe, hata bila mkataba. Lakini benki ya Heller ilishinda. Sababu ni kwamba barua yake ilikuwa imetangulizwa maneno kwamba inatolewa kwa siri, kwa matumizi ya mwulizaji, na bila benki wala maofisa wake kuwajibika.

Ukiliweka kanusho la Heller kando ya lile la mwaliko wa chakula cha mchana, tofauti inaonekana. La Heller lilikuwa juu ya barua, mahali ambapo msomaji hakuweza kulikosa kabla ya kutegemea maelezo. Lilihusu jambo moja lililokuwa ndani ya barua ileile. Lilielekezwa kwa mtu aliyeuliza, na si kwa ulimwengu mzima. Tena benki ilikuwa ikijibu bure, bila malipo kutoka kwa mwulizaji.

Hilo la malipo lina uzito wake. Mwaka 1989 Baraza hilohilo lilitoa hukumu katika kesi ya Smith dhidi ya Eric S. Bush. Mnunuzi wa nyumba ya bei ya kawaida alilipia ukaguzi kupitia taasisi iliyomkopesha, mkaguzi akasema nyumba haihitaji matengenezo makubwa, na baadaye bomba la moshi likaporomoka kwa sababu ukuta ulioliegemeza ulikuwa umeondolewa. Mkaguzi alijificha nyuma ya kanusho, na mahakama ikalikataa kwa kuwa, chini ya sheria ya Kiingereza ya mwaka 1977 kuhusu masharti yasiyo ya haki, haikuwa haki kumlipisha mtu kwa kazi kisha kukana kazi hiyo. Sheria hiyo ni ya Uingereza, lakini funzo lake linamfaa mhasibu wa Arusha anayemwandikia mteja wake ushauri wa kodi aliolipwa. Sentensi ya chini isemayo "ushauri huu usitegemewe" haitamsaidia mbele ya jaji na itamfukuza mteja. Kitakachomsaidia ni kusema mwanzoni ushauri umejengwa juu ya nyaraka zipi, za kipindi gani, na nini hakikukaguliwa.

Kuna upande mmoja zaidi ambao wenye makampuni wengi hawaufikirii, na kwangu mimi ndio wa kuwaamsha. Maneno yale ya chini yanaweza kukufunga wewe mwenyewe. Mwaka 2019, katika kesi ya Neocleous dhidi ya Rees, mahakama ya Uingereza ilisikiliza mgogoro wa ardhi kando ya ziwa Windermere. Mawakili wa pande mbili walikuwa wamekubaliana kwa barua pepe kwamba kipande kimoja cha ardhi kiuzwe kwa pauni 175,000 ili shauri liishe. Baadaye muuzaji akarudi nyuma, akisema mkataba wa ardhi hutaka saini, na hakuna aliyesaini. Barua ya wakili wake ilimalizika kwa maneno ya shukrani, kisha jina, cheo, ofisi na namba za simu, vyote vikiwa vimewekwa na kompyuta bila yeye kuviandika siku ile. Jaji alisema mtu ndiye aliyeipanga kompyuta iweke jina lile, na aliyelipokea hakuwa na njia ya kujua kama limechapwa kwa mkono au limejiweka. Hiyo ni saini. Mkataba ukasimama.

Kenya mkataba wa ardhi hutaka saini ya kila upande na shahidi wa kila saini, kwa hiyo barua pepe peke yake isingetosha. Lakini saruji, usafirishaji, vyakula vya hoteli na kazi za uchapishaji havina sharti hilo. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inayotambua mikataba na saini za kielektroniki. Ofisa manunuzi anayejibu "sawa, leteni mifuko 600 kwa bei hiyo" juu ya jina na cheo chake anaweza kuwa ameshaifunga kampuni, na onyo la chini kwamba "maoni ni ya mwandishi" halitamwondoa. Msambazaji atauliza: mtu mliyempa cheo cha manunuzi, anayejibu kuhusu manunuzi, alikuwa akitoa maoni yake binafsi?

Hapa sentensi fupi ya chini inastahili nafasi yake, mradi iseme jambo la kweli: kwamba kampuni haifungwi na agizo lolote hadi itoe LPO iliyosainiwa. Msambazaji anayeipokea sentensi hiyo kwa miezi anajua mipaka ya mamlaka ya ofisa, na itakuwa vigumu kwake kudai alidhani vinginevyo. Lakini lazima ninyi wenyewe muifuate. Mkipokea mizigo mara tano bila LPO na mkalipa, mmemfundisha kwamba sentensi ile haina kazi, na mara ya sita hamtakuwa na pa kuegemea. Kwa majadiliano makubwa, maneno kwamba mazungumzo haya hayamfungi mtu hadi mkataba usainiwe yaende kwenye kichwa cha barua na yarudiwe kila barua ya mazungumzo hayo, yasiachiwe mkia wa kompyuta. Vivyo hivyo "bila kuathiri haki" katika mapatano ya kumaliza mgogoro: mahakama hutazama kama kweli mlikuwa mnatafuta suluhu, na barua ya kudai deni haigeuki kuwa ya mapatano kwa kubandikwa maneno hayo.

Basi nini kibaki? Jina kamili la kampuni, namba ya usajili na anwani ya ofisi vibaki, kwani vinamwambia mtu anashughulika na nani. Uingereza vinatakiwa kisheria kwenye barua pepe za makampuni tangu Januari 2007, na mwenye kampuni iliyosajiliwa kule na kufanya kazi huku asivisahau. Sentensi ya LPO ibaki kwa idara ya manunuzi. Neno "siri" litolewe kwenye mkia na liwekwe kwa mkono kwenye kichwa cha barua zilizo za siri kweli, pamoja na sababu yake na nani anaruhusiwa kuiona. Likiwa linamlenga mteja asomaye Kiswahili, liandikwe Kiswahili, maana kazi yake ni kumjulisha. Amri kwa wageni, onyo la virusi, maoni ya mwandishi na ombi la kutochapisha karatasi viondoke. Barua pepe iliyojibiwa mara kumi hubeba aya hizo mara kumi, na mtu anayetafuta bei au tarehe kwenye simu anapita kurasa za maandishi hayo.

Sentensi moja mpya ningeiongeza kwa yeyote anayetuma ankara: "Hatubadilishi akaunti ya benki kwa barua pepe. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, tupigie kwa namba uliyo nayo tangu zamani." Wezi wa ankara hujipenyeza kwenye mazungumzo ya kampuni na mteja, wakaandika kwa jina la mhasibu kwamba malipo yaende akaunti mpya. Mwizi ataifuta sentensi hiyo kwenye barua yake, kwa hiyo inafaa tu kama mteja ameizoea kabla, kwenye kila ankara, na kama anayepokea simu ofisini kwenu anajua la kumjibu.